Cheni ikilia na pikipiki ikishtuka, usikimbilie kuikaza

Hapa Malindi, kati ya bodaboda wanaosimama mbele ya karakana yangu, wengi huja na dawa yao tayari kichwani: "Fundi, nikazie cheni niende." Wanaketi kwenye benchi, simu mkononi, wakingoja dakika tano. Mara nyingine hilo ndilo linalohitajika. Lakini pikipiki inayoshtuka kila ukiongeza mafuta, na iliyokwisha kukazwa mara kadhaa ndani ya mwezi mmoja, haiponi kwa spana. Kelele itapungua siku mbili tatu, kisha itarudi ikiwa mbaya zaidi.

Nieleze kwa pikipiki moja iliyoletwa na kijana wa Gongoni, ya injini ya cc 150, inayobeba magunia ya chumvi kutoka kule kwenye mashamba ya chumvi. Malalamiko yake yalikuwa mawili na aliyachanganya. Akiondoka kwa gia ya kwanza na mzigo nyuma, kulisikika "tak!" moja kubwa chini ya miguu, kisha pikipiki inachupa mbele. Halafu akiwa barabarani, mwendo uleule, mkono umetulia kwenye mafuta, anahisi inavutwa na kuachiliwa, inavutwa na kuachiliwa. Hayo ni mambo tofauti, na kila moja lina chanzo chake.

Kabla ya kugusa cheni, hakikisha tatizo ni la cheni kweli. Nilimwambia akimbize mpaka mwendo wa wastani kwenye barabara tupu, ashike klachi, aiachie injini ishuke, na pikipiki iserereke yenyewe. Kelele ya injini hufa pale pale. Kelele ya cheni hubaki na kupungua kadiri gurudumu linavyopunguza mwendo. Yake ilibaki. Kama injini ingekuwa inapanda sauti bila mwendo kuongezeka, ningetazama klachi. Kama ingekuwa inakatakata kwenye kiwango fulani tu cha mafuta, bila mlio wowote wa chuma, ningeanza na kabureta.

Baada ya hapo nilizima injini, nikaisimamisha kwenye stendi kubwa, gia huru, nikafungua kasha la cheni. Naisisitiza hiyo ya kuzima injini kwa sababu kuna mafundi hutia gia ya kwanza gurudumu lizunguke lenyewe huku wakipangusa cheni kwa kitambaa. Kitambaa kikinaswa kati ya cheni na meno, kidole hufuata. Zungusha kwa mkono.

Katikati ya mkondo wa chini wa cheni, niliisukuma juu na kuivuta chini kwa kidole nikiwa na rula. Kwa pikipiki nyingi za namna hii, mchezo wa milimita 20 hadi 30 ndio unaotakiwa. Ya kijana huyu ilicheza karibu milimita 45. Angeishia hapo mtu, angekaza. Mimi nikazungusha gurudumu kidogo, nikapima tena, nikazungusha, nikapima. Mahali fulani mchezo ulishuka hadi milimita 12 hivi. Cheni ileile, gurudumu lilelile, halijakazwa wala kulegezwa.

Hapa ndipo kiini cha kesi nzima. Cheni hii ilikuwa imelika sehemu moja kuliko nyingine. Watu husema cheni "imevutika," lakini chuma cha vibati vya pembeni hakijarefuka hata kidogo. Kinacholika ni pini na bushi ndani ya kila kiungo. Kila pini ikipoteza unywele tu, nafasi kati ya pini na pini inaongezeka, na cheni yenye viungo 120 hujumlisha nywele 120. Viungo vilivyokauka au vilivyoingia mchanga hulika haraka kuliko jirani zake, kwa hiyo sehemu moja inakuwa ndefu na nyingine inabaki fupi. Sehemu fupi ikipita, cheni inakaza. Sehemu ndefu ikipita, inalegea. Huko ndiko kuvutwa na kuachiliwa alikokuwa akikuhisi.

Unaweza kuthibitisha hilo hata ukiwa juu ya pikipiki. Tuseme sproketi ya nyuma, lile duara la meno linaloshika cheni, ina meno 42 na cheni ina viungo 120: cheni inamaliza mzunguko mmoja kila gurudumu linapokaribia kuzunguka mara tatu. Mshtuko unaokuja mara moja kila mizunguko mitatu hivi ya gurudumu unatoka kwenye cheni. Ukija kila mzunguko wa gurudumu, itazame sproketi ya nyuma, huenda imepinda au haikukaa sawa kwenye habu.

Na ile "tak!" ya kuondokea? Ukiongeza mafuta, injini huvuta mkondo wa juu wa cheni na ulegevu wote hukaa chini. Ukiachia mafuta, gurudumu ndilo linaloisukuma injini, mkondo wa chini unakaza na ulegevu unahamia juu. Ukiongeza tena, ulegevu huo lazima uishe kwanza ndipo gurudumu lipate nguvu. Mchezo wa milimita 45 ni safari ndefu, na mwisho wake chuma hugonga chuma.

Sasa fikiria mtu aliyepima pale penye milimita 45 akakaza hadi 25. Ile sehemu fupi ikifika, cheni inakuwa imenyooka kabisa, haina pa kwenda. Tena hapo pikipiki iko stendi bila mzigo. Weka magunia nyuma, springi zishuke, ekseli ya nyuma inazidi kujitenga na sproketi ya mbele na cheni inazidi kukaza. Beringi za habu na ya shafti inayotoka kwenye gia ndizo zinazolipa. Yeye tayari alikuwa na oili inayotoka nyuma ya sproketi ya mbele, na sili inayoizuia oili hiyo haikuharibika bure. Ndiyo maana mchezo wa cheni hupimwa pale penye kukaza zaidi, na pakikutwa tofauti kubwa namna hii, cheni hiyo haina mpango wa kukazwa tena.

Ili asidhani namuuzia tu vifaa, nilimpimia urefu mbele yake. Cheni ya saizi 428 ina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Vuta mkondo wa chini unyooke, hesabu pini 21, maana pini 21 ndizo zinazofanya nafasi 20, na upime katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya ile ya mwisho. Cheni mpya husoma milimita 254. Ikifika 259, imekwisha. Pima sehemu tatu, usiridhike na moja. Sehemu yake nzuri ilisoma 257, mbaya ikasoma 262. Aliinama akaisoma rula mwenyewe, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Basi cheni peke yake, sproketi si ziko sawa?"

Swali hilo huulizwa kila siku, na ni la haki, fedha ni za mtu. Nikashika cheni pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa, nikaivuta kuelekea nyuma. Ilitoka kwenye meno zaidi ya nusu ya urefu wa jino, mwanga ukaonekana chini yake. Cheni ndefu peke yake inaweza kufanya hivyo, kwa hiyo lazima meno yenyewe yaangaliwe. Jino zima lina mabega mawili yanayolingana. Yake yalikuwa yamelala upande mmoja na ncha imechongoka, pezi la papa hasa. Nikafungua kifuniko cha sproketi ya mbele, ambacho wengi hawakifungui mpaka siku ya msiba, na hali ilikuwa mbaya zaidi. Ni kawaida: ya mbele ikiwa na meno 14 dhidi ya 42, inazunguka mara tatu kwa kila mzunguko mmoja wa nyuma, na kila jino lake linafanya kazi mara tatu.

Cheni mpya yenye nafasi ya 12.7 ukiiweka juu ya meno yaliyozoea cheni ndefu, rola hazitakaa kwenye vitako vyake. Zitapanda mgongo wa jino, na mzigo wote utabebwa na meno machache badala ya kugawanywa. Ndani ya muda mfupi cheni mpya inakuwa mzee wa zamani. Vilevile kubadilisha sproketi na kuacha cheni. Kwa hiyo hununuliwa seti: cheni, ya mbele na ya nyuma.

Nilipoitoa cheni ile, viungo kadhaa vilibaki vimekunjika, havinyooki kwa uzito wao, na kati ya vibati kulikuwa na vumbi jekundu. Wekundu huo ni kutu ya pini iliyokauka ndani. Nje, lakini, ilikuwa imejaa grisi nyeusi nene. Alikuwa anaipaka kila wiki kwa moyo mmoja. Grisi hukaa nje, haiingii kwenye pini, na mchanga wa njia zetu unanata humo mpaka inakuwa msasa. Chumvi nayo huvuta unyevu, kwa hiyo chuma hakikauki hata wakati wa jua. Na ukienda kuosha pikipiki kwa mashine ya maji ya nguvu ukairudisha barabarani bila kuitia cheni oili, kesho asubuhi cheni ni nyekundu. Yale mafuta mepesi ya kopo ya kulegeza nati hayahesabiki, hayakai.

Kwa cheni za kawaida zisizo na raba ndani ya viungo, nasafisha kwa mafuta ya taa na brashi, napangusa, naacha ikauke, kisha natia oili ya gia ya 90 kwa tone upande wa ndani wa mkondo wa chini, kwenye kingo za vibati na kwenye rola, gurudumu likizunguka polepole. Mwendo wenyewe hurusha oili kwenda nje, ndiyo sababu ya kuanzia ndani. Bora ufanye ukitoka safari cheni ikiwa na joto, iachwe usiku kucha, asubuhi upanguse iliyozidi. Anayebeba chumvi kila siku aoshe kwanza kwa maji matamu na akaushe, tena asingoje wiki iishe.

Kabla ya kufunga seti mpya nilishika sproketi ya nyuma na kuitikisa huku gurudumu limezuiwa. Ilicheza, kidogo ila ilicheza. Raba za habu zilikuwa zimebonyea, nazo zingeendelea kutoa "tak!" hata kwa cheni mpya, kwa hiyo zikabadilishwa pamoja na ile sili. Klipu ya kiungo nikaielekeza upande uliofunga mbele, kule cheni inakoenda, nikalinganisha alama za pande zote mbili za ekseli, nikafunga nati, nikapima tena baada ya kufunga kwa sababu nati ikikaza huwa inaisogeza ekseli. Milimita 25, mzunguko mzima.

Alirudi baada ya kilomita mia tatu na kitu, nilivyomwagiza. Mchezo ulikuwa umepanda kidogo kila mahali kwa kulingana, jambo la kawaida kwa cheni mpya inapojikalisha. Safari hii nilimkazia, akaenda.