Wekundu wa dhahabu si kipimo cha karati

"Pete ya dhahabu ikiwa nyekundu, si karati yake ni ndogo?"

Hapana, ingawa hapa Mombasa wengi wetu tumelelewa na imani hiyo. Chukua pete ya karati 18, yaani sehemu 18 za dhahabu kati ya 24, yenye gramu 4: gramu 3 ni dhahabu tupu, iwe ya manjano, ya waridi au nyeupe. Gramu 1 iliyobaki ndiyo huamua rangi. Sonara akitia fedha na shaba nusu kwa nusu, hutoka manjano. Shaba ikiwa karibu yote, waridi. Metali ya paladiamu huleta weupe. Nyeupe mara nyingi hupakwa metali nyeupe ya rodiamu, na mpako ukilika hujitokeza umanjano hafifu. Mwenyewe hudhani katapeliwa, masikini, kumbe dhahabu ni ile ile.

Jicho husaidia ukilinganisha manjano kwa manjano: bangili ya karati 22 hukoza kuliko ya 18. Vinginevyo tafuta muhuri, 916 kwa karati 22, 750 kwa 18, kisha ipimwe, maana muhuri hughushiwa.