Upepo wa kiyoyozi na maumivu ya kichwa

"Nikikaa chini ya kiyoyozi ofisini, baridi inaniingia kichwani. Nifunge kitambaa?"

Hapana, hewa ya ofisini haipenyi fuvu. Maumivu yako ni ya kweli, ila chanzo kitafute kwanza shingoni. Upepo ukikupiga upande mmoja kwa saa nyingi, unapandisha mabega na kukaza misuli bila kujua, hasa ukiwa mbele ya kompyuta. Bonyeza chini ya kisogo: pakiwa pagumu na panauma, na kichwa kinabana kama kilemba kilichokazwa, huenda ni misuli hiyo. Mtandio shingoni utasaidia kuliko kitambaa kichwani. Bora zaidi, elekeza upepo juu, uweke nyuzi 25.

Mwenye kipandauso ni habari nyingine. Kwa baadhi yao, kutoka kwenye jua kali la Dar es Salaam na kuingia ndani ya gari lenye ubaridi mkali huweza kuchochea shambulio: kichwa kinapwita, mara nyingi upande mmoja, na kichefuchefu juu yake. Huyo afungue madirisha kwanza, kisha ashushe joto taratibu.

Kichwa kikiuma ghafla kwa nguvu isiyo ya kawaida, au pamoja na homa na shingo kukakamaa, usikisingizie kiyoyozi. Nenda hospitali mara moja.