Mtumaji tupu na Auto-Submitted: jinsi kijibu otomatiki kinavyojua kunyamaza

Kijibu otomatiki ni programu inayosubiri barua pepe iingie, kisha inamjibu aliyeandika bila mwenye kisanduku kugusa chochote: "Nipo likizo hadi Jumatatu," "Tumepokea ombi lako." Kuandika sehemu ya kujibu ni kazi ndogo. Kazi yenyewe ni kukifundisha kijue barua ambazo hazistahili jibu, na hapo ndipo mtumaji tupu na mstari wa Auto-Submitted vinapoingia.

Tuanze na bahasha. Kila barua pepe ina watumaji wawili, ambao si lazima wafanane. Mmoja yumo ndani ya barua, kwenye mstari wa From, na huyo ndiye msomaji anamwona. Mwingine hutajwa seva mbili zinapozungumza, kwa amri ya MAIL FROM. Huyo wa pili ndiye mtumaji wa bahasha: barua isipofika, taarifa ya kushindwa hurudishwa kwake. Seva ya mwisho inapoiweka barua kisanduku, humwandika mtumaji huyo juu kabisa, kwenye mstari wa Return-Path.

Sasa taarifa yenyewe ya kushindwa itumwe kwa jina la nani? Ikibeba anwani ya kawaida nayo isifike, itazaa taarifa ya pili, na ya pili itazaa ya tatu. Kanuni za SMTP, lugha ambayo seva hutumia kupelekeana barua, zilikata mzizi huo kwa kuagiza taarifa za kushindwa zitumwe bila mtumaji kabisa:

```
MAIL FROM:<>
```

Mabano hayo yasiyo na kitu ndiyo mtumaji tupu. Barua iliyokuja nayo ikishindwa kufika, seva hairudishi taarifa kwa yeyote, kwa sababu hakuna pa kuirudisha.

Tuone kinachotokea kijibu kisipolijua hilo. Chukua skripti fupi inayolinda anwani msaada@example.org. Inasoma mstari wa From wa kila barua, inatuma jibu huko, na kwenye bahasha inajitaja yenyewe kuwa mtumaji. Mtu wa example.com anaandika kuomba msaada na skripti inamjibu. Seva ya example.com inalipokea jibu, kisha inakuta kisanduku cha mtu huyo kimejaa. Inaandika taarifa ya kushindwa na kuirudisha msaada@example.org. Bahasha ya taarifa hiyo ni tupu kama inavyotakiwa, lakini ndani mstari wa From unasema MAILER-DAEMON@example.com. Skripti haitazami bahasha. Inaona From, inajibu: "Tumepokea ombi lako." Ikiwa anwani ya MAILER-DAEMON haina mtu nyuma yake, jibu hilo nalo linashindwa na taarifa nyingine inarudi. Skripti inaijibu hiyo pia.

Mtu anaweza kutegemea kwamba seva zitagundua mzunguko huo zenyewe, maana huhesabu mistari ya Received, ambayo kila seva huongeza barua inapopita, na kuikataa barua iliyopita seva nyingi mno. Hazitagundua. Kila jibu hapa ni barua mpya, na hesabu yake inaanza upya. Kitakachouvunja mzunguko ni kikomo cha utumaji au msimamizi atakayeona foleni imevimba.

Tiba ina pande mbili. Upande wa kupokea, kijibu kinapaswa kusoma Return-Path kabla ya kitu kingine chochote, na kikikuta `<>` kinyamaze. Upande wa kutuma, jibu lake nalo litoke na mtumaji tupu. Katika mfano wetu hata moja ya hizo ingetosha: lau jibu la kwanza lingetoka na bahasha tupu, kisanduku kilichojaa kingelimeza kimya na hadithi ingeishia hapo. Mimi huweka zote mbili, kwa sababu huwezi kujua programu iliyo upande wa pili imeandikwa na nani.

Auto-Submitted inafanya nini basi, kama bahasha tupu inatosha? Bahasha huzungumza na seva, na si kila programu huiona. Skripti inayosoma barua kupitia IMAP, njia ya kusoma barua zilizokwisha wekwa kisanduku, huona kilichohifadhiwa tu, na barua ikishapitishwa kwenye anwani nyingine, bahasha yake huenda imeandikwa upya. Mstari ulio ndani ya barua husafiri nayo. RFC 3834 ya mwaka 2004 iliuweka kwa ajili hiyo, na thamani zake tatu za msingi ni `no`, yaani imetumwa na mtu. `auto-generated`, yaani mashine imeianzisha yenyewe, kama ripoti ya usiku. Na `auto-replied`, yaani ni jibu la mashine kwa barua fulani. Kijibu hakipaswi kujibu barua yenye thamani yoyote isiyokuwa `no`. Andika ukaguzi wako hivyohivyo, "yoyote isiyokuwa no", badala ya kutaja thamani unazozijua, kwa kuwa nyingine, kama `auto-notified`, ziliongezwa baadaye.

Jibu lililokaa vizuri lina mistari kama hii, na bahasha yake ni tupu:

```
From: msaada@example.org
To: mteja@example.com
Auto-Submitted: auto-replied
In-Reply-To: <8841@example.com>
```

Kwa orodha za barua pepe, hivyo viwili havitoshi, na hapa wengi huteleza. Barua ya orodha imeandikwa na mtu, kwa hiyo kwa kawaida haina Auto-Submitted. Bahasha yake pia si tupu: Mailman, programu ya kuendesha orodha, kwa mfano, huweka anwani yenye `-bounces` ili ikusanye taarifa za kushindwa. Ukijibu huko, unamjazia mwenye orodha takataka. Ukijibu From, mtu asiyekujua anaarifiwa likizo yako. Ukifuata Reply-To nayo imeelekezwa kwenye orodha, wanachama wote wanaipata. Dalili za kutafuta ni List-Id, mistari mingine inayoanza na `List-`, na ule mstari wa zamani wa Precedence wenye `bulk` au `list`. Ongeza sharti moja linalozuia mengi kuliko yote: anwani yako iwemo kwenye To au Cc. Barua ya orodha kwa kawaida imeandikiwa orodha, si wewe. Sieve, lugha ya kuandika kanuni za kuchuja barua kwenye seva, kwa amri yake ya `vacation`, hufanya ukaguzi huu yenyewe, na pia hukumbuka iliyemjibu ili isimrudie kabla siku kadhaa hazijapita. Kama seva yako inayo, achana na skripti ya kujiandikia.

Mtumaji tupu ana gharama yake. SPF, mfumo ambao kikoa hutangaza seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lake, hukagua kikoa cha mtumaji wa bahasha, na kisipokuwepo hutumia jina ambalo seva ilijitambulisha nalo kwenye HELO. Jina hilo likikosa rekodi yake ya SPF, jibu lako linaweza kutiliwa shaka. Kwa hiyo lipe rekodi, na majibu yatiwe saini ya kidijitali ya DKIM ya kikoa kilichomo kwenye From.

Kupima ni rahisi. Jitumie barua yenye bahasha tupu kwa swaks, programu ya kupima seva za barua:

```
swaks --from '<>' --to msaada@example.org
```

Kisha tazama kumbukumbu za seva. Barua hiyo itaonekana ikiingia na `from=<>`, na baada yake kusiwe na jibu linalotoka. Rudia kwa anwani yako ya kawaida: safari hii jibu litoke, nalo liwe na `from=<>`. Likitoka na `from=<msaada@example.org>`, skripti inaandika mistari ya ndani vizuri lakini bahasha bado haijaiweka.