Machungwa ya Muheza na jumla ya miraba: yanayosemwa na yaliyo kweli

Yapange machungwa ya Muheza juu ya meza pale Ngamiani, Tanga, kwa umbo la piramidi: moja kileleni, chini yake manne, kisha tisa, kisha kumi na sita. Rundo la matabaka n lina machungwa 1² + 2² + 3² + … + n². Rundo hili tuliite S(n). Hesabu zake za mwanzo ni S(0) = 0, S(1) = 1, S(2) = 5, S(3) = 14, S(4) = 30.

Kanuni ya S(n) hutafutwa kwa kudhani kwamba ina umbo la kipeo cha tatu, an³ + bn² + cn + d, kisha a, b, c na d zinapatikana kwa kutumia hesabu hizo ndogo. Njia hii nawafundisha vijana wa kidato cha tano, na nimeona inaeleweka vibaya kwa namna mbili zinazopingana.

Dhana: Kanuni ikikubaliana na hesabu nne, imethibitika.

Kwanza tuipate. S(0) = 0 inatupa d = 0. Zinabaki:

a + b + c = 1
8a + 4b + 2c = 5
27a + 9b + 3c = 14

Toa mara mbili ya mstari wa kwanza kwenye wa pili, upate 6a + 2b = 3. Toa mara tatu yake kwenye wa tatu, upate 24a + 6b = 11. Kutoka hapo a = 1/3, b = 1/2, c = 1/6, na ukiziunganisha:

n(n + 1)(2n + 1)/6

Lakini hesabu nne zozote zile, hata za kubuni, zina usemi wake wa kipeo kisichozidi cha tatu unaopita humo humo. Kukubaliana huko tumekulazimisha wenyewe, kwa hiyo peke yake hakusemi lolote kuhusu tabaka la tano.

Jaribu njia hiyo hiyo kwa jumla ya vipeo vya tatu: 0, 1, 9, 36. Usemi wa kipeo cha tatu utapatikana bila shida, nao utakwambia kwamba jumla inayofuata ni 94. Jumla ya kweli, 1 + 8 + 27 + 64, ni 100. Hapo ndipo mwanafunzi anapojikwaa, maana hakuna hatua hata moja aliyoikosea katika kukokotoa.

Kwa miraba, ukiweka n = 4 unapata 4 × 5 × 9 ÷ 6 = 30, jibu sahihi. Hiyo ni ishara njema, bado si uthibitisho.

Dhana: Basi njia hii ni ya kubahatisha tu, na uthibitisho lazima utoke kwingine.

Hili nalo si kweli, na ndilo ninalotamani kila mwanafunzi alione. Kinachokosekana ni hoja moja fupi.

Usemi tulioupata tuuite P(n). Angalia hatua yake, yaani P(n) − P(n − 1). Ukifungua mabano, n³ zinafutana, kwa kuwa n³ − (n − 1)³ = 3n² − 3n + 1. Kwa hiyo hatua ya P ni usemi wa kipeo cha pili. Hatua ya rundo lenyewe ni tabaka jipya linaloongezwa chini, n², nayo pia ni ya kipeo cha pili.

Kwa kuwa P inakubaliana na S kwenye 0, 1, 2 na 3, hatua hizo mbili zinakubaliana kwenye n = 1, 2 na 3. Tofauti kati yake ni usemi wa kipeo kisichozidi cha pili wenye thamani sifuri mahali patatu. Usemi wa namna hiyo ukiwa si sifuri tupu hauwezi kuwa na majibu zaidi ya mawili. Basi tofauti ni sifuri kila mahali: P(n) − P(n − 1) = n² kwa kila n. P inaanzia sifuri pamoja na S na inakwenda kwa hatua zile zile, hivyo haiwezi kuachana nayo kamwe. Zile hesabu nne zimetosha, hata n = 4 hatukuihitaji.

Sasa inaonekana pia kwa nini 94 ilitokea. Hatua ya usemi wa kipeo cha tatu ni ya kipeo cha pili, ilhali jumla ile inapanda kwa n³. Mahali patatu hapatoshi kuzifanya hizo mbili kuwa kitu kimoja.

Dhana: Kugawanya kwa 6 kunaweza kuleta nusu chungwa.

Hapana. Kati ya n na n + 1 moja ni shufwa. Na n ikibakiza 1 ukiigawa kwa 3, basi 2n + 1 inagawanyika kwa 3. Ikibakiza 2, n + 1 ndiyo inayogawanyika. Aryabhata wa India aliieleza kanuni hii kwa maneno mwaka 499, naye alitaja sehemu hiyo hiyo ya sita.

Kwa jumla ya vipeo vya tatu, anza na umbo la kipeo cha nne na utumie hesabu tano, 0, 1, 9, 36, 100. Utapata n²(n + 1)²/4, na hoja ile ile ya hatua itaithibitisha, safari hii kwa kulinganisha mahali panne.