Risasi ileile, maji hayafiki palepale

Kuna swali huwa nawapa vijana wangu wa tuisheni wa form foo hapa Mikindani na karibu wote linawakamata, sasa leo nalimwaga lote.

Mvuvi ana chubwi 16 za risasi, kila moja tufe la nusu kipenyo sm 3, anaziyeyusha zote anamimina kwenye kalibu apate nguzo moja ya nusu kipenyo sm 6. Urefu wake? Tufe moja ni 4/3 × π × 3³, yaani 36π, mara 16 inakuwa 576π. Nguzo ni π × 6² × urefu, kwa hiyo 576 gawa kwa 36, urefu sm 16. Acha π ijikate yenyewe, ukiweka 3.14 mapema unajitafutia desimali za bure.

Binti mmoja akaniuliza, "Ticha, mbona risasi ikipoa kwenye kalibu juu inabonyea, si ujazo umepungua?" Swali zuri sana. Inabonyea kweli, maana risasi ya uji (inayeyuka kwenye nyuzi 327 hivi) imetanuka, ila chubwi zilianza zikiwa ngumu na nguzo imeishia ngumu, kwa hiyo mtanuko ulikuja ukaondoka. Kinachopotea kweli ni ule uchafu wa juu unaochotwa, na hesabu inachukulia haupo.

Sasa maji. Chukua sufuria lenye kuta zilizonyooka (ndoo hapana, inapanuka kwenda juu), nusu kipenyo sm 12, maji kina sm 9. Tumbukiza zile chubwi 16: 576π gawa kwa 144π ni sm 4, maji yanafika 13 na chubwi zote zimezama. Gawia eneo la sufuria jamani, sio la chubwi!

Sasa toa chubwi, weka ile nguzo wima. Wote wanaandika 13 tena, kwa sababu ujazo si ni uleule? Lakini nguzo ina urefu wa sm 16, maji ya 13 hayaifuniki, na kipande kilichobaki juu hakisukumi maji yoyote. Hapo ndipo kosa lilipo. Maji sasa yamebaki na nafasi ya kuizunguka nguzo tu, 144π toa 36π, yaani 108π, na maji yenyewe ni 144π × 9 = 1296π. 1296 gawa kwa 108 ni 12. Yamepanda sm 3 tu, nguzo imechomoza sm 4.

Kwa hiyo ukipata jibu, lilinganishe na urefu wa kitu kabla hujafunga daftari, jibu likiwa fupi kuliko kitu rudi ukatumie eneo la kuzunguka. Kwa nguzo hii, maji yakianzia sm 12 yanafika 16 yanagusa kichwa chake kabisa, na kuanzia hapo kwenda juu ile njia ya 576 gawa kwa 144 inafanya kazi, ilimradi sufuria lisifurike.