Namba 1 imekataliwa, namba 16 imekubaliwa: maswali na majibu kuhusu MIC

Mama yangu ameoteshewa mkojo hapa Dodoma. Majibu yanasema E. coli, siprofloksasini MIC 1 R, nitrofurantoini MIC 16 S. Mbona dawa yenye namba ndogo ndiyo iliyokataliwa?

Kwa sababu kila dawa ina mpaka wake, na namba ya dawa moja haishindanishwi na namba ya dawa nyingine. MIC ni kiasi kidogo kabisa cha dawa, kwa miligramu katika lita moja, kilichowazuia bakteria hao kuota mpaka jicho lisione mawingu yoyote. Namba hiyo peke yake haisemi dawa itamfaa mgonjwa au la. Herufi ndiyo inayosema, na herufi hupatikana kwa kuilinganisha namba na mpaka uliowekwa kwa dawa hiyo na bakteria huyo.

Kwa E. coli, mpaka wa siprofloksasini ni 0.25. MIC ikiwa 0.25 au chini yake, jibu ni S, yaani dawa inatarajiwa kufanya kazi kwa dozi ya kawaida. Ya mama ni 1, mara nne ya mpaka, kwa hiyo ni R: bakteria ni sugu. Nitrofurantoini mpaka wake uko juu sana, 32 kwa jedwali la Marekani liitwalo CLSI na 64 kwa jedwali la Ulaya liitwalo EUCAST. Kwa jedwali lolote kati ya hayo, 16 iko upande salama. Somo la karatasi hii ni kusoma kila mstari wa dawa peke yake, bila kushuka safu ya namba ukitafuta iliyo ndogo.

Hiyo 1 huwa inapatikanaje? Ninasomea maabara, naomba hatua na vipimo.

Tuchukue siprofloksasini hiyohiyo, kwenye sahani ya plastiki yenye safu za vishimo 12. Kishimo cha 1 mpaka cha 10 vitakuwa na dawa inayopungua nusu kwa nusu kutoka 4 hadi 0.008. Cha 11 kina bakteria bila dawa, cha 12 kina mchuzi wa kuoteshea bakteria, mtupu.

Anza na unga wa dawa uliotengenezwa kwa ajili ya maabara. Usisage kidonge cha duka la dawa, kwani kina vijazio. Hata unga wa maabara si dawa tupu: chupa huandika ni sehemu gani iliyo dawa halisi. Ikiwa ni 850 katika 1,000, na unataka mililita 10 zenye miligramu 1,280 kwa lita, unahitaji miligramu 12.8 za dawa halisi. Gawa kwa 0.85, utapima miligramu 15.06. Anayesahau hesabu hii anaandaa dawa hafifu, na kila bakteria atakayempima ataonekana sugu kuliko alivyo.

Mililita 1 ya myeyusho huo weka kwenye mililita 9 za mchuzi wa Mueller-Hinton, upate 128. Kisha mililita 1 ya huo kwenye mililita 15, upate 8. Tumeanza na 8 ingawa tunataka 4, kwa sababu bakteria wakiongezwa watapunguza kila kitu nusu.

Sasa weka mikrolita 50 za mchuzi kwenye vishimo 2 hadi 11, na mikrolita 100 kwenye cha 12. Kishimo cha 1 kipe mikrolita 100 za dawa ya 8. Chukua 50 kutoka cha 1, weka cha 2, changanya, chukua 50 peleka cha 3, endelea hivyo hadi cha 10, kisha 50 za mwisho zitupe. Badilisha ncha ya pipeti kila hatua. Ncha ileile ikitembea safu nzima hubeba mabaki ya dawa kali hadi vishimo vya mwisho, navyo vinakuwa na dawa nyingi kuliko ulivyoandika.

Bakteria wachukue kwenye makoloni ya jana, uwachanganye kwenye maji ya chumvi ya 0.85% mpaka ukungu wake ulingane na kioevu cha kulinganishia kiitwacho McFarland 0.5. Hapo kuna bakteria kama milioni 100 kwa mililita. Weka mililita 0.1 kwenye mililita 9.9 za mchuzi, halafu ndani ya dakika 15 weka mikrolita 50 kwenye vishimo 1 hadi 11. Kila kishimo sasa kina bakteria kama 500,000 kwa mililita, na dawa yako ni 4, 2, 1, 0.5 na kuendelea kushuka. Funika, weka kwenye inkubeta ya nyuzi 35 kwa saa 18.

Kesho yake angalia kwanza cha 11, lazima kiwe na mawingu, na cha 12, lazima kiwe safi. Kimoja kikikataa, safu nzima haisomwi. Kwa bakteria wa mama, vishimo vyenye dawa ya 4, 2 na 1 ni safi, chenye 0.5 kina mawingu na vyote vilivyobaki vyenye dawa pia. Kishimo safi cha mwisho ni chenye dawa ya 1. Hiyo ndiyo MIC.

Nimefuata hatua zote lakini bakteria wa udhibiti, yule ambaye MIC yake inajulikana tayari, ametoka nje ya kiwango. Nianzie wapi kutafuta kosa?

Anza na maji. Mchuzi wa kipimo hiki unatakiwa uwe na kalsiamu miligramu 20 hadi 25 na magnesiamu 10 hadi 12.5 kwa lita. Ukiuyeyusha kwa maji ya kisima ya huku kwetu, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, umeongeza madini usiyoyapima. Magnesiamu ikizidi huidhoofisha siprofloksasini, na MIC inapanda bila bakteria kubadilika. Tumia maji yaliyotoneshwa tu.

Cha pili ni idadi ya bakteria. Wakiwa wengi mno MIC hupanda, wakiwa wachache hushuka na sugu anaweza kupita kama S. Jicho haliwezi kuamua hili, inabidi kuhesabu. Mara tu baada ya kuweka bakteria, chukua mikrolita 10 kutoka kishimo cha 11, weka kwenye mililita 10 za maji ya chumvi, tandaza mikrolita 100 kwenye agari. Kesho yake utarajie makoloni kama 50. Kati ya 20 na 80 inakubalika. Sahani hiyohiyo itakuonyesha kama bakteria wako walichanganyika na wengine.

Cha tatu ni ukavu wa hewa ya Dodoma. Mikrolita 100 ni tone tu, na vishimo vya pembeni hukauka haraka. Funika sahani vizuri, zitie kwenye mfuko wa plastiki, na usizipange zaidi ya nne kwa kimo, maana za katikati huchelewa kupata joto.

Na angalia kama safu yako inafika chini ya kutosha. E. coli wa udhibiti, ATCC 25922, kwa siprofloksasini anapaswa kutoa MIC ya 0.004 hadi 0.016. Safu iliyoishia 0.008 haiwezi kukuonyesha kama ameshuka chini ya 0.004. Kwa safu yake anza na dawa ya 1 badala ya 8, utafika 0.001.

Kishimo kimoja katikati ni safi, kinachofuata chenye dawa zaidi kina mawingu, halafu vinakuwa safi tena. Nisome wapi?

Soma juu, baada ya mawingu ya mwisho, ili usimwite sugu kuwa S. Njia bora zaidi ni kurudia. Vikiwa vishimo viwili au zaidi vilivyorukwa, usitoe jibu kabisa: kuna uchafu au pipeti imekosea.

Nani aliamua 0.25? Kwa nini isiwe 1?

Hapo ndipo kiini cha jambo. Mgonjwa akimeza siprofloksasini miligramu 500 mara mbili kwa siku, jumla ya dawa inayopita kwenye damu yake kwa saa 24, ukizidisha kiwango kwa muda, ni takriban 27. Tafiti za wagonjwa mahututi zilionyesha kwamba jumla hiyo ikigawanywa kwa MIC inapaswa kukaribia 125 ili bakteria wa aina hii washindwe. Kwa MIC ya 0.25 unapata 108, karibu na lengo. Kwa MIC ya 1 unapata 27 tu. Bakteria wa mama wamezuiwa na dawa ndani ya kishimo, lakini mwili hauwezi kuwafikishia dawa ya kutosha kwa dozi salama. Mpaka huwekwa kwa kuunganisha hesabu hii, MIC za bakteria wasio na usugu, na matokeo ya wagonjwa waliotibiwa.

Ndiyo maana mpaka unaweza kuhama. Hadi mwaka 2018 jedwali la CLSI liliita MIC ya 1 kuwa S. Mwaka 2019 likashusha mpaka hadi 0.25. Bakteria yuleyule, kishimo kilekile, jibu tofauti. Maabara inayotumia jedwali la zamani lililobandikwa ukutani ingempa mama huyu dawa isiyomfaa, na hakuna kishimo ambacho kingeonyesha kosa hilo. Karatasi ya majibu ingefaa kutaja jedwali na mwaka wake.

Mpaka pia hufuata bakteria. Kwa Salmonela, siprofloksasini ina mpaka wa 0.06, kwa hiyo 0.25 iliyo S kwa E. coli si S kwa homa ya matumbo.

Kipimo kimerudiwa, sasa kimetoka 0.5. Maabara imedanganya?

Hapana. Ngazi zinaruka mara mbili, na kutofautiana ngazi moja juu au chini ni kawaida ya kipimo hiki hata kikifanywa vizuri. 0.5 ni eneo la I, kati ya S na R. Kwa EUCAST, tangu 2019, I maana yake dawa inaweza kufaa ikiwa dozi itaongezwa. Kwa mama aliyepata 1 kisha 0.5, na nitrofurantoini ikiwa mbali na mpaka wake kwa ngazi nzima au zaidi, hakuna sababu ya kung'ang'ania sipro.

Basi akipata homa na maumivu ya kiuno, aendelee na nitrofurantoini kwa kuwa ni S?

Asiendelee nayo peke yake. Nitrofurantoini hujikusanya kwenye mkojo lakini kwenye damu na nyama ya figo ni kidogo mno. Mpaka wake mkubwa uliwekwa kwa maambukizi ya kibofu pekee, na S yake haivuki hapo. Homa, baridi, kutapika au maumivu ya ubavu ni dalili kwamba maambukizi yamepanda kwenye figo. Arudi hospitali siku hiyohiyo na karatasi ya majibu mkononi, ili daktari achague dawa nyingine iliyo S na inayofika kwenye figo.