Kuzima autovacuum hakuupunguzii mfumo mzigo

"Autovacuum inaelemea diski saa za kazi, si heri tuizime, tuendeshe VACUUM usiku?"

Autovacuum ni kazi ya PostgreSQL inayosafisha yenyewe rekodi mfu, yaani matoleo ya rekodi yaliyofutwa au kubadilishwa, na mzigo huo hutokana na kazi iliyolimbikizwa. PostgreSQL isiporekebishwa husubiri rekodi mfu zifikie takriban asilimia 20 ya jedwali, hivyo jedwali la miamala lenye rekodi milioni 300 halisafishwi hadi zipite milioni 60. Wakati huo faili limekwisha kuvimba, na VACUUM ya kawaida huiachia nafasi hiyo itumike tena ndani ya jedwali, lakini ni nadra kuirudisha kwenye diski. Ni bora kuianzisha mapema, kwenye rekodi mfu milioni 3:

```sql
ALTER TABLE miamala SET
 (autovacuum_vacuum_scale_factor = 0.01);
```

Hata ukiizima, umri wa jedwali ukipita miamala milioni 200 ya hifadhidata, autovacuum itaamshwa kwa lazima ili igandishe rekodi za zamani, namba za miamala zisije zikaisha, pengine katika saa zile zile ulizotaka kuziepuka. Onyo la `must be vacuumed within` likitokea, tafuta kwanza katika `pg_stat_activity` muamala ulioachwa wazi muda mrefu, kwa sababu maadamu upo, VACUUM haiwezi kugandisha rekodi zilizoandikwa baada yake.